Sifa zimepanga foleni: maswali yenu kuhusu uandishi

Mhariri karudisha hadithi yangu kaandika "sifa zimezidi" basi. Sentensi yenyewe: "Daladala kuukuu, chakavu, chafu, mbovu, yenye kelele nyingi za kutisha ilifika Rangi Tatu ikiwa imejaa abiria wengi waliochoka sana." Nikate nini?

Dada, anza na zinazorudia. Kuukuu, chakavu na mbovu hapo zinasema kitu kimoja, na ikishajaa hao abiria wengi wa nini tena? Ila usiishie kufuta, maana ukibakiza "daladala chakavu" bado mi sioni kitu, daladala chakavu Mbagala ziko ngapi! Jiulize ulijuaje kama ni chakavu, uliona nini? Mi ningeandika hivi: "Daladala ilifika Rangi Tatu, konda kaushikilia mlango kwa mguu usidondoke." Maneno 19 yamekuwa kumi na sifa hakuna hata moja, ila uchakavu umeuona. Kelele nimezitupa, kama unazitaka zipe sentensi yake huko mbele, mfano abiria anarudia mara tatu kuomba kushushwa, konda hasikii.

Sasa nikifuta sifa zote si stori itakuwa kavu kama ripoti ya polisi?

Nani kasema zote? Sifa inayotofautisha iache. "Aligonga geti la bluu" kwenye mtaa wenye mageti kumi, hiyo bluu ina kazi, ukiitoa msomaji anapotea. Alafu Kiswahili kina vile vineno vya kukolezea, "nyeusi tii", "nyeupe pee", kimoja kinatosha, sasa mtu anaandika "usiku mweusi tii, wenye giza nene, totoro, la kutisha" hapo tii imeshakufa, na giza tumelipata toka neno la kwanza.

Mi nikisoma kimoyomoyo naona iko poa tu, nitajuaje nimezidisha?

Soma kwa sauti kaka. Lugha yetu inakushtaki yenyewe, sifa nyingi zinabeba kiambishi cha nomino yake, kwa hiyo "mzee mrefu mwembamba mweusi mpole" unasikia m-m-mw-mw-m kama pikipiki inayogoma kuwaka. Na ukipanga "ya... ya... yenye... iliyo..." pumzi inakata kabla kitenzi hakijafika. Ukifika kwenye kitenzi umeshasahau nani anafanya, rudi ukate.

Rafiki yangu kanipa mswada, kila ukurasa uko hivyo. Nimsahihishie?

Usimwandikie upya, itakuwa stori yako. Chukua aya moja tu, pigia mstari kila sifa, pembeni ya zile zinazorudia andika "ushasema", za jumla kama nzuri na ya kuvutia andika "uliona nini?" Zilizobaki kurasa atafanya mwenyewe. Mi niliwahi kurudishiwa mswada wino mwekundu mwanzo mwisho, nikaufungia kwenye droo miezi, sikujua hata nianzie wapi.