Asilimia 40 au asilimia 21: milioni 90 zilizobaki zinakwenda wapi?

*"Nina miradi miwili na ninaweza kuchagua mmoja tu. Mdogo unahitaji milioni 10 na kiwango chake cha ndani cha marejesho ni asilimia 40. Mkubwa unahitaji milioni 100 na una asilimia 21 tu. Mkuu wangu anautaka mkubwa. Je, huko si kuacha faida nono?"*

Ndugu, katika kazi yangu ya kupitia maandiko ya miradi nimekutana na hoja hii mara nyingi, na karibu kila mara mjadala hukwama kwa sababu asilimia hizo mbili zinalinganishwa bila mtu kuuliza ni asilimia ya kiasi gani. Kwa kuwa hukutaja makisio ya mapato, nitatumia namba zinazokaribiana na asilimia zako: mradi mdogo urudishe milioni 6.3 kila mwaka kwa miaka 3, na mkubwa milioni 48 kila mwaka kwa muda huo huo. Gharama ya mtaji, yaani marejesho ya chini kabisa ambayo mwenye mtaji anayadai kwa mwaka, tuiweke asilimia 12.

Thamani halisi ya sasa ni mapato yote yakishapunguzwa kwa kiwango hicho hadi thamani ya leo, kisha mtaji ukatolewa. Ya mradi mdogo ni takriban milioni 5.1, na ya mkubwa ni milioni 15.3. Mradi wenye asilimia ndogo unamwongezea mwenye mtaji utajiri mara tatu ya ule mwingine. Kiwango cha ndani cha marejesho ni kile kiwango cha punguzo kinachoifanya thamani halisi ya sasa iwe sifuri. Kinapima kasi ya kukua kwa kila shilingi iliyomo ndani ya mradi, lakini hakisemi ni shilingi ngapi zimeingia humo. Ukizidisha mtaji na mapato yote mara kumi, asilimia haisogei hata kidogo.

Swali ninalopenda kuwauliza wanaotetea mradi mdogo ni hili: ukiuchagua, zile milioni 90 zilizobaki zinakwenda wapi? Tuseme zinawekwa mahali panapolipa asilimia 12, yaani sawasawa na gharama ya mtaji. Zitarudisha kama milioni 37.5 kwa mwaka kwa miaka 3. Jumlisha na milioni 6.3 za mradi mdogo, unapata takriban milioni 43.8 kwa mwaka kutokana na milioni 100 zote. Mradi mkubwa, kwa mtaji huo huo, unaleta milioni 48. Mbele ya kamati, mlinganisho huu huniridhisha kuliko fomula yoyote, kwa sababu sasa pande zote mbili zinaanza na mtaji sawa.

Mtu asiyetaka kuachana na asilimia anaweza kukokotoa kiwango cha tofauti ya miradi hiyo miwili, yaani milioni 90 za ziada zinazotolewa na milioni 41.7 za ziada zinazoingia kila mwaka. Kwenye jedwali la kompyuta, ukiweka tofauti hizo kuanzia seli B2 hadi B5, mtaji ukiwa na alama ya kutoa, utaandika:

```
=IRR(B2:B5)
=NPV(12%,B3:B5)+B2
```

Mstari wa kwanza utakupa takriban asilimia 18.5. Kwa kuwa kiwango hicho kinazidi asilimia 12, nyongeza ya mtaji inajilipa, na mradi mkubwa unashinda. Gharama ya mtaji ingekuwa juu ya asilimia 18.5, mdogo ndio ungeshinda. Katika mstari wa pili, angalia kwamba B2 imewekwa nje ya mabano. Ukiiingiza ndani, programu itaupunguza mtaji wa leo kana kwamba unatolewa baada ya mwaka mmoja, kosa ambalo nimeliona hata kwenye maandiko yaliyoandaliwa kwa uangalifu.

Hata hivyo, asilimia 40 si namba ya kutupwa. Mapato ya mradi mdogo yanaweza kushuka kwa karibu theluthi moja kabla thamani yake halisi ya sasa haijafika sifuri, ilhali mkubwa unafika hapo mapato yake yakishuka kwa asilimia 13 tu. Tena, mapato ya mkubwa yakishuka chini ya milioni 43.8 kwa mwaka, kiasi kile kile tulichokipata hapo juu, mdogo unakuwa bora. Huo ni upungufu wa chini ya asilimia 9, kwa hiyo mimi ningetumia muda mwingi kuyahoji makisio ya milioni 48 kuliko kubishania asilimia.

Hesabu ingebadilika pia kama mngekuwa na miradi midogo kumi ya aina hiyo, isiyozuiana na inayoweza kuanza pamoja. Hapo milioni 100 zingeleta thamani halisi ya sasa ya takriban milioni 51, na mkubwa usingekuwa na hoja. Lakini umesema mdogo ni mmoja; basi mwombe anayeutetea aandike kwenye karatasi milioni 90 zinazobaki zitafanya kazi gani na kwa kiwango gani. Akionyesha mahali pa kuziweka panapolipa zaidi ya asilimia 18.5 kwa hatari inayofanana, mfuateni yeye.