Mshahara umekatwa, loni iko palepale: maswali yenu

Nafanya kazi hotelini Nyali, wametupunguzia siku, kutoka 55,000 sasa napata 32,000. Loni imebaki 300,000, kila mwezi 18,700, miezi 18. Niwaandikie benki nini?

Kakangu, ukiandika "naomba mnifikirie" utangoja sana. Meneja wa tawi anataka namba ya akaunti ya loni, kipato kimeshuka lini na kwa nini, na hesabu. Sasa we' chukua 32,000, toa nyumba 9,000, chakula 8,000, skuli na matatu 4,500, hapo imebaki 10,500. Riba yako kama ni asilimia 15 kwa mwaka, ya salio linalopungua, hiyo 300,000 ukiitandaza miezi 36 yatoka kama 10,400 kwa mwezi. Basi andika hivi: "Kuanzia mwezi ujao naomba kulipa shilingi 10,400 kwa miezi 36 badala ya 18,700 kwa 18." Ambatisha barua ya mwajiri, pesilipu ya zamani na mpya, na steitimenti. Wasimulizi wa shida wako wengi pale kaunta, mwenye karatasi ndo husikizwa.

Kwani nikiomba 3,000 tu si nitapumua zaidi?

Utapumua leo tu. Riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni 3,750, kwa hivyo ukilipa 3,000 deni lapanda na we' walipa, na afisa wa mikopo ataona hivyo kabla hata hajamaliza kusoma. Na hata hiyo 10,400 si bure eh, kwa miezi 18 ungelipa riba kama 37,000, kwa 36 yafika 74,000 na kitu. Ndo maana kwa barua ongeza sentensi moja, kwamba sizoni ikirudi utaruhusiwa kulipa zaidi bila faini.

Nimepiga simu wakaniambia sawa, lipa unachoweza. Hiyo si yatosha?

Haitoshi kakangu. Sistimu yao bado yasoma 18,700, ukiweka 10,400 kila mwezi pengo lajikusanya, na malimbikizo yakipita siku 90 mkopo wahesabika haulipiki, hapo CRB hiyoo. Peleka barua mwenyewe, nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea na tarehe ubaki nayo. Bora iende kabla hujaruka hata mwezi mmoja. Huku wangoja jibu, endelea kuweka kile ulichoandika.

Wamekubali, wameniletea mkataba mpya nisaini. Niangalie nini?

Angalia salio jipya, mara nyingi riba iliyolala na faini huwa zimeingizwa mle ndani zikaanza kuzaa riba nyengine, waombe faini waziondoe kabla ya kusaini. Uliza ada ya kubadilisha mkopo ni ngapi na riba imebaki ileile ama imepanda. Na kama ulidhaminiwa na mtu mpigie mapema, maana huenda benki ikataka asaini upya, na asiposaini faili yako italala mezani.