Onkojeni au jeni ya breki? Achana na kukariri, ifuate RB

Kila nikikaa na wanafunzi wa maabara wanaojiandaa na mtihani nakuta wana karatasi ya safu mbili, kushoto onkojeni, yaani jeni zinazosukuma seli igawanyike ovyo, kulia jeni zinazozuia uvimbe, na wanakariri majina tu mpaka usiku wa manane. Mi ushauri wangu ni huohuo siku zote, weka pembeni hiyo karatasi, chukua protini moja inaitwa RB uifuate mpaka mwisho.

Seli kabla haijagawanyika lazima inakili DNA yake yote. Kabla ya hapo iko kwenye hatua ya G1, na hapo RB inakuwa imeikamata protini nyingine, E2F, ambayo ndo inawasha jeni za kunakili DNA. E2F ikiwa imeshikwa seli haisogei, ndo maana RB inaitwa breki. Mwili ukileta ujumbe kwamba seli mpya zinahitajika, protini ya saiklini D inaungana na kimeng'enya CDK4 au CDK6, zinaibandika RB fosfeti, RB inaiachia E2F, seli inaanza kunakili. Sasa hapa wengi wanateleza kwasababu wamezoea kwamba protini ikibandikwa fosfeti basi imewashwa, kwa RB ni kinyume, ikijaa fosfeti breki imeachiwa.

Ukishaelewa hivyo, ukikutana na jeni yoyote jiulize swali moja tu: nakala moja ikiharibika, ile nzima iliyobaki inaokoa jahazi au haiokoi? Chukua RAS, herufi moja tu ya DNA ikibadilika sehemu mbaya protini inabaki imewaka muda wote, na hiyo nakala nzima haina uwezo wa kuizima mwenzake. Hiyo ni onkojeni. RB nayo nakala moja ikifa ile nyingine inaendelea kutengeneza breki ya kutosha, seli haina shida yoyote, mpaka na hiyo ya pili iondoke. Hiyo ndo jeni ya breki.

Alfred Knudson aliliona hili mwaka 1971, kabla hata jeni yenyewe haijapatikana, kwa kupitia rekodi za wagonjwa 48 wa retinoblastoma, ile saratani ya jicho ya watoto wadogo. Fikiria watoto wawili. Wa kwanza ana uvimbe macho yote na umeonekana hajamaliza hata mwaka wa kwanza, wa pili ana jicho moja tu na umeonekana akiwa na miaka miwili. Yule wa kwanza amezaliwa tayari kila seli ya mwili wake ina nakala moja mbovu ya RB1, jeni inayotengeneza RB, na kwa vile retina inapojengwa inatengeneza seli mamilioni, ni karibu lazima kuna kadhaa zitapoteza na ile ya pili. Wa pili mara nyingi kazaliwa na nakala zote nzima, kwahiyo ilibidi seli moja ipoteze zote mbili, bahati mbaya juu ya bahati mbaya, ndo maana inachelewa na inakuwa jicho moja.

Mtihani unapenda sana kukutega hapa. Kwenye ukoo ugonjwa unaonekana kama unatawala, yaani mzazi mwenye nakala mbovu anampa kila mtoto kwa uwezekano wa nusu, na wengi wanaoipata wanaugua. Ila ndani ya seli lazima nakala zote mbili zife. Mtoto anarithi nakala moja mbovu, uvimbe wenyewe harithi.

Na kama uko kliniki, usimwambie mzazi "ni jicho moja, basi siyo ya kurithi." Baadhi ya watoto wa jicho moja nao wanayo hiyo nakala mbovu kwenye damu, kwahiyo kipimo cha jeni kikipatikana kifanyike, na wadogo zake waangaliwe macho mapema. Mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha ya flashi isisubiri.

Kitu cha mwisho, breki inaweza kupotea wakati jeni iko salama kabisa. Kwenye saratani nyingi za mlango wa kizazi, kirusi cha HPV kinatengeneza protini E7 ambayo inaikamata RB na kusababisha ivunjwevunjwe, ukisoma RB1 ya hizo seli unaweza usione kasoro hata moja. Sisi maabara tunaiona kwa mlango wa nyuma. RB ikiondoka, seli inatengeneza protini ya p16 kwa wingi, ambayo kazi yake ni kuzizuia CDK4 na CDK6, ila RB yenyewe haipo kwahiyo inazuia bure. Ndo maana slaidi ikitoka na p16 ya kahawia iliyokolea, seli zote zimeshika rangi mfululizo kuanzia tabaka la chini kabisa, usifikiri breki zinafanya kazi vizuri, angalia kama ni HPV.