Karatasi moja ya kumwachia mwalimu anayekushikia kipindi

*Shikamoo mwalimu. Nafundisha Hisabati Darasa la Tano hapa Tanga mjini. Wiki ijayo nakwenda semina Korogwe, na kipindi changu cha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti atanishikia mwenzangu wa Kiswahili, ambaye hajawahi kuingia darasa hilo. Mtaaluma anataka nimwachie maelezo ya ukurasa mmoja. Nikinakili andalio la somo linajaa kurasa mbili, na mwenzangu bado anasema hajui aanzie wapi. Niandike nini, niache nini?*

*Mwalimu wa Hisabati, Makorora*

Marahaba. Andalio la somo liache kwenye faili lake, maana wathibiti ubora wakija ndilo watakaloliulizia. Lile umeliandika kwa ajili yako wewe unayelijua darasa. Ukiandika "wanafunzi wajadili katika vikundi", unajua ni vikundi vipi, wanakaaje, na jibu unalolitaka ni lipi. Mwenzako hajui hata kimoja kati ya hayo, ndiyo maana anasoma kurasa mbili na kubaki palepale. Safu za umahiri na rejea usizihamishe. Muandikie yatakayomjia akilini akiwa amesimama na chaki mkononi: hawa watoto wanajua nini tayari, naandika nini ubaoni, jibu ni ngapi, na mtoto akiniletea jibu jingine namwambia nini. Hilo la mwisho wengi wetu hatuliandiki, na ndilo linalomkwamisha mwalimu wa somo jingine.

Juu ya karatasi weka mistari michache ya mambo ya darasa: mkondo, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya wanafunzi, vitabu viko kabati gani na wanagawana wangapi kwa kimoja, monita anaketi wapi. Kama yupo mtoto asiyeona vizuri ubaoni, andika dawati analotakiwa kukaa. Habari za maradhi au za nyumbani kwa mtoto mweleze mwenzako kwa mdomo, kwa sababu karatasi hii itabaki mezani na kila apitaye ataisoma.

Kisha andika wamefika wapi, kwa mfano unaoonekana, si kwa jina la mada. Kitu kama hiki: "Wanaweza 2/7 + 3/7. Wanajua kutafuta KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, ya namba mbili. Leo wanajumlisha sehemu ambazo namba za chini hazifanani." Sema "namba ya chini", na neno asili uliweke pembeni yake mara moja tu. Mwenzako huenda aliliacha neno hilo shule ya msingi, ilhali watoto watalitumia.

Hapo ndipo uingie kwenye mfano. Mmoja unatosha, lakini uandike wote, jinsi unavyotaka uonekane ubaoni. Mimi ningechukua 1/3 + 1/4. Mwambie achore ukanda wa miraba 12 iliyopangana mstari mmoja, na umpe sababu: 12 ndiyo KDS ya 3 na 4, kwa hiyo ukanda huo unagawanyika mara tatu na mara nne bila mraba kukatika. Theluthi yake ni miraba 4, aipake mistari ya kulala. Robo yake ni miraba 3, aipake mistari ya kusimama. Watoto wahesabu iliyopakwa: 7 kati ya 12. Chini ya ukanda aandike 1/3 + 1/4 = 4/12 + 3/12 = 7/12. Madaftari yao ya Hisabati yana miraba tayari, kwa hiyo kila mtoto atauchora ukanda huo hata kama rula ni za kuazimana.

Muda ugawe kwa dakika. Kipindi cha dakika 40 ningekipanga hivi: dakika 5 za kutafuta KDS kwa mdomo, 10 za mfano, 15 za zoezi, 10 za kusahihisha pamoja ubaoni. Muandikie pia cha kupunguza iwapo mkutano wa asubuhi utakula muda: aondoe maswali mawili ya mwisho, asiguse dakika za kusahihisha.

Zoezi liwe la maswali manne, na majibu yake uyaandike papo hapo: (a) 1/2 + 1/3 = 5/6; (b) 1/4 + 1/6 = 5/12; (c) 2/5 + 1/2 = 9/10; (d) 2/3 + 1/5 = 13/15. Utaona yote yamebaki chini ya 1. Ukimwekea 3/4 + 2/3, jibu ni 17/12, na mara moja watoto watamuuliza habari za namba mseto. Swali hilo lisubiri urudi.

Sasa yale majibu mengine. Mwambie apite kwenye madawati akiangalia swali (a) pekee, maana madaftari ya darasa zima hawezi kuyasahihisha ndani ya robo saa. Atakutana na 2/5 kwa wingi. Huyo mtoto amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Kumrudia kanuni hakusaidii sana. Mwenzako amwulize, "Umeanza na nusu, ukaongeza theluthi. Je, unaweza kubaki na pungufu ya nusu?" Kisha wachore miraba 10: nusu yake ni 5, na 2/5 yake ni 4. Mtoto ataona mwenyewe kuwa jibu lake ni dogo kuliko alichoanza nacho.

Jibu la pili atakaloliona ni 2/6. Hapa mtoto amepata KDS sawasawa, akabadilisha namba za chini na kuziacha za juu kama zilivyokuwa, akapata 1/6 + 1/6. Dawa yake ni ukanda wa miraba 6: "Nusu ya miraba hii ni mingapi?" Akisema mitatu, aandike 3/6 na aendelee na theluthi.

La tatu ni la hatari zaidi, kwa sababu si kosa. Katika swali (b) atakuwepo aliyezidisha 4 kwa 6 badala ya kutafuta KDS, akapata 6/24 + 4/24 = 10/24. Mwalimu asiye wa Hisabati ataangalia karatasi yako, ataona 5/12, ataweka mkasi. Andika wazi: "10/24 ni sahihi. Mpe vema, mwambie arahisishe kwa kugawanya juu na chini kwa 2."

Ukiandika kwa mkono wa kawaida, yote hayo yanaenea upande mmoja. Nyuma pageuze pawe pake yeye, na umwachie maswali mawili tu ya kujaza: mliishia kusahihisha swali gani, na katika swali (a) wangapi walipata 2/5, wangapi 2/6. Ahesabu kwa kunyoosha mikono wakati wa kusahihisha. Ukirudi ukakuta nusu ya darasa iko kwenye 2/5, kipindi chako cha kwanza ni cha ukanda wa miraba tena. Wakiwa wengi kwenye 2/6, KDS wameielewa. Wape mazoezi ya kubadilisha sehemu moja moja, kama 1/2 kuwa ngapi ya 6, kabla ya kurudi kwenye kujumlisha.

Karatasi mpe mkononi siku moja kabla, na umwombe akufanyie swali (b) mbele yako. Atakapokwama ndipo penye mstari wa kuandika upya.