Maharage ya Kwenye Kapu na Jumapili Niliyoitwa Mchawi

Msomaji mmoja wa Njombe ameniandikia akiuliza kama kapu la kuhifadhi joto linaweza kuivisha maharage mekundu pasipo kuwasha mkaa kutwa nzima. Nimelijibu swali lake kwa kirefu, kwa kuwa kapu hilo hilo ndilo lililonifedhehesha mbele ya wakwe zangu hapa Mbeya, na kusema kweli uchungu wake haujanitoka.

Jumapili ile nilikuwa nimenunua Mwanjelwa kilo moja ya maharage mekundu, yale makubwa yenye umbo la figo. Asubuhi niliyaloweka kwa saa mbili tu, nikayabandika jikoni pamoja na maji yale yale ya kulowekea kwa kuamini kwamba wekundu wake ndio ladha, yakachemka kwa dakika kumi hivi, kisha nikaitia sufuria kwenye kapu nililolishindilia mabaki ya nguo na blanketi. Nilijiona mjanja kuliko majirani wote wanaounguza mkaa. Saa saba mchana niliyaunga kwa nazi, nikayapasha kidogo, na kuyapakua. Yalikuwa yamelainika kwa nje, ingawa nilipoyatafuna nilihisi kiini kigumu kidogo, jambo nililolipuuza kwa sababu wageni walikuwa wameshakaa.

Kufikia saa tisa wifi yangu alikimbilia nje kutapika, akafuatiwa na shemeji, kisha mimi mwenyewe, na baadaye tumbo la kuhara likatushika watu watano kwa zamu, na choo ni kimoja. Watoto wawili waliokula wali na nyama tu, wakayakataa maharage, waliendelea kucheza uani. Wifi alitamka, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, kwamba nimetia kitu kwenye chakula. Naam, nilikuwa nimetia, lakini si kile alichokuwa akikifikiria yeye.

Muuguzi aliyetupokea katika kituo cha afya alinisikiliza, kisha akauliza, “Mama, maharage hayo yalichemka kwa muda gani?” Nilipomjibu, alielewa mara moja. Alitueleza kwamba maharage mabichi yana protini iitwayo lektini, na mekundu ndiyo yanayoongoza kwa wingi wake, kiasi kwamba punje nne au tano mbichi zinatosha kumwangusha mtu. Dalili huanza kati ya saa moja na saa tatu baada ya kula, kwanza kichefuchefu na kutapika kwa nguvu, kisha kuhara, na kwa kawaida mtu hupata nafuu ndani ya saa chache. Sisi tulitulia kufikia saa moja jioni. Dawa ya kuiondoa sumu yenyewe haipo. Tulipewa maji ya chumvi na sukari tunywe kidogo kidogo, na kuonywa kwamba mtoto anayelegea, au mtu asiyeweza kubakiza hata maji tumboni, arudishwe haraka.

Kosa langu kubwa lilikuwa kapu. Lektini huharibiwa na mchemko wenyewe, si na uvuguvugu wa muda mrefu, na maharage yanayokaa kwenye joto la chini ya nyuzi 80 yanaweza kuwa na sumu kali kuliko hata yakiwa mabichi. Hapa kwetu nyanda za juu kuna ziada ya tatizo: maji huchemka yakiwa na nyuzi takriban 94 tu, kwa hiyo sufuria iliyotoka jikoni mapema hushuka haraka kufikia joto hilo la hatari. Ulaini nao hudanganya, hasa kwa wanaotia magadi, kwani punje inaweza kupondeka kidoleni na bado ikawa na sumu.

Kwa hiyo, dada wa Njombe, kapu usilitupe. Loweka maharage usiku kucha, au saa tano kwa uchache, mwaga maji yale yote, suuza, weka maji mapya, kisha yachemshe kwa moto mkali, povu likipanda, kwa dakika 30 unazozihesabu tangu yanapoanza kutokota sawasawa. Mimi kwa mwinuko wetu huyaacha dakika 45. Baada ya hapo ndipo unaweza kuyaingiza kapuni yamalizike kulainika, na ukiyatoa yachemshe tena kabla ya kuunga. Anayesema kuwa kuloweka peke yake kunatosha anakudanganya, kwa kuwa maji huondoa sehemu tu ya lektini.

Sufuria ile iliyobaki niliifukia shimoni nyuma ya nyumba. Jirani aliniomba ampelekee nguruwe wake, nikakataa, maana lektini huwadhuru nguruwe na kuku vilevile, na sikuwa tayari kushtakiwa mara ya pili ndani ya wiki moja.