Maneno ya utafutaji Play Store

"Programu yangu ya hesabu za kikoba inaitwa Tunza. Maneno ya utafutaji naweka wapi? Sioni sehemu yake."

Play Store haina sehemu hiyo. Mdau mmoja alitaja sehemu ya herufi 100 ya kuandika maneno hayo ukiyatenganisha kwa mkato; ipo kweli, ila ni ya App Store ya Apple. Google inasoma jina (mwisho herufi 30), maelezo mafupi (80) na maelezo marefu. Kwa programu ninazosimamia, jina ndilo huvuta zaidi. "Tunza" peke yake hakuna anayeitafuta, kwa hiyo andika "Tunza: hesabu za kikoba", ni herufi 23 tu. "Vikoba", "hisa" na "marejesho" viingize kwenye maelezo mafupi kwa sentensi ya kawaida. Ukirundika maneno matupu, unavunja sera yao.

Aikoni ipunguze iwe ndogo kama ukucha uitazame kwenye simu: maandishi hayatasomeka, weka alama moja tu. Na usiandike "bure" kwenye jina wala aikoni, Google hawaruhusu.

Kama utafutaji wa Kiswahili unaunganisha "kikoba" na "vikoba" wenyewe, hapo wadau tunabishana bado. Mimi huweka yote mawili.