Kipeperushi cha A5 kinatoka kidogo kama kadi

"Nimebuni A5 kwa pikseli 559 kwa 794. Kwenye skrini iko sawa, ila ikichapwa inatoka ndogo mno. Nikiikuza inakuwa na ukungu. Nakosea wapi?"

Habari ndugu. Kwanza angalia idadi ya pikseli kwa inchi kwenye mipangilio ya faili. Pikseli haina urefu wake yenyewe. Inaupata pale unapoamua ngapi ziingie kwenye inchi moja. Wewe ulibuni kwa 96: 559 ÷ 96 × 25.4 ni milimita 148, upana kamili wa A5. Faili ya kuchapa imewekwa 300, kwa hiyo pikseli zilezile zinabana kwenye milimita 47 tu.

Kukuza hakusaidii, maana programu inabuni pikseli ambazo hazikuwepo. Mimi huanza faili mpya kwa milimita, 148 kwa 210, na pikseli 300 kwa inchi. Itakupa takriban pikseli 1748 kwa 2480. Kama rangi inafika ukingoni, ongeza milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatwa. Kisha ingiza upya picha za asili, usinakili zile zilizokwisha kupunguzwa.

Maandishi ndiyo huwaponza wengi. Pointi 72 ni inchi moja, hivyo herufi za pikseli 16 kwenye faili ya 96 ni pointi 12. Ukiziacha 16 kwenye faili ya 300, zinakuwa chini ya pointi 4, hazisomeki. Ziandike kwa pointi tangu mwanzo, kisha chapa nakala moja kwa asilimia 100 uipime kwa rula.